Mboji ya Veronka

Mdogo wangu Imro nampenda, lakini kuna siku natamani nimshike masikio nimtikise mpaka akili zirudi mahali pake. Ni mtu mzima, mstaafu, mjane, na bado ukimwambia jambo la kumfaa anaangalia pembeni, anajikuna shingo, halafu anakwenda kufanya kile kile alichokitaka tangu mwanzo. Marehemu mama alisema mtoto huyu kazaliwa na pamba masikioni. Mama katangulia zamani, pamba bado imo.

Mkewe Veronka, wifi yangu, alitutoka vuli iliyopita. Aliugua wakati pilipili hoho zake ndiyo kwanza zinaanza kuwa nyekundu. Tukawa watu wa kwenda na kurudi hospitali ya mjini Osijek, bustani haina mwenyewe. Pilipili zikaiva, zikalainika, zikaangukia kwenye matope, na zilizobaki zikachomwa na baridi. Hakuna aliyekumbuka kuchuma hata moja ya mbegu. Nani angekumbuka? Mimi mwenyewe nilikuwa nashika mkono wa mgonjwa, sikuwa na mkono wa kushika pilipili.

Sasa, pilipili hoho za Veronka hazikuwa pilipili za kununua. Zilikuwa za mama yake, na za mama wa mama yake, ndefu, zimejikunja kidogo nchani, nyama nene, tamu mno. Huku kwetu Baranja kila nyumba ina pilipili za kukausha na kusaga, za kutia kwenye soseji wakati wa kuchinja nguruwe, lakini wengi siku hizi wananunua miche sokoni, basi. Veronka hapana. Na mbegu alikuwa mchoyo nazo, Mungu anisamehe, ukweli ni ukweli. Unga alikuwa anagawa kwa vikombe, mbegu hakugawa. Mtu mmoja tu alimpa, Reza wa upande wa pili wa kanisa, na Reza akazipanda jirani na pilipili kali za mumewe. Nyuki hawana adabu, wanatembea huku na huku. Mwaka uliofuata pilipili tamu za Veronka kwa Reza zilikuwa zinaunguza midomo. Veronka akasema, “Nilimpa binti mtawa, amenirudishia mlevi.” Hakumpa mtu tena.

Kwa hiyo alipokufa, zilibaki tu mbegu zilizokuwa kwenye kitambaa, kwenye droo ya vijiko. Za miaka ya nyuma, alizisahau mwenyewe. Imro alizikuta akitafuta kifungua chupa. Alikuja kwangu mbio, kitambaa kifuani, kama mtu aliyeokota mtoto mchanga.

“Dada Manda, zitaota?”

“Nyingine zitaota, nyingine hazitaota. Zimezeeka.”

“Basi napanda zote.”

“Bakiza kidogo, Imro.”

Akajikuna shingo. Nikajua hatabakiza.

Sikukuu ya Mishumaa, mwanzo wa Februari, akazipanda zote kwenye trei moja, akaiweka juu ya kabati karibu na jiko la kuni. Kama ilivyo ada. Zikakaa, zikakaa. Imro akawa haendi popote. Ukimwalika chakula anasema hawezi kuziacha peke yake. Halafu asubuhi moja akanipigia simu, hakusema hata hujambo. “Zimetoka! Dada, zimetoka, zimeinama hivi, kama vikongwe!” Sikumbuki mara ya mwisho nilipomsikia anacheka vile. Nilikaa jikoni kwangu nikalia kidogo kwa furaha, halafu nikaendelea kumenya viazi.

Hazikuota zote, lakini zilizoota zilitosha kujaza trei. Ukiitazama unaona bustani nzima ya kiangazi, na vuli kuta za nyumba zimening'inizwa mashada mekundu kama enzi za Veronka. Na ukijua kwamba duniani hakuna nyingine, mkono unaogopa hata kuzinyunyizia maji.

Ndipo ikaja habari ya mboji.

Nyuma ya banda la kuku liko rundo la mboji alilolipanga Veronka mwenyewe kiangazi kile cha mwisho, kabla hajalala kitandani. Majani makavu, nyasi, maganda, mabua ya mahindi, tabaka juu ya tabaka, kwa mikono yake. Alimwambia Imro, “Hii ni ya pilipili za mwakani.” Na Imro, ambaye maisha yake yote alikuwa dereva wa trekta la ushirika na bustanini aliingia kuiba nyanya tu, aliyashika maneno hayo kama amri ya Mungu. Mbegu za Veronka ndani ya mboji ya Veronka. Tena siku ya Mtakatifu Yosefu, katikati ya Machi, kwa sababu Veronka miaka yote alihamisha miche yake siku hiyo, kila mche kwenye kikopo chake.

Nilikwenda kuliona rundo. Nikapitisha mkono ndani. Nikautoa haraka.

“Imro, hili lina joto.”

“Si ndiyo vizuri? Pilipili zinapenda joto.”

“Joto la ndani, mjinga wewe! Mboji iliyoiva inapoa. Hii bado inapika.” Nikafukua. Mabua meupe yanaonekana wazi, na harufu ikanipanda puani mpaka machozi. Hiyo si harufu ya majani. “Umetia nini humu?”

Akaangalia kuku. Kuku wakamwangalia.

“Imro.”

“Baada ya Krismasi nilisafisha banda. Nikasema ngoja nimsaidie. Nimwongezee nguvu. Yeye mwenyewe si alikuwa anatia?”

Alikuwa anatia, ndiyo, kidogo kidogo, majira ya kuchipua, halafu analipindua rundo mara kwa mara na kulisubiri mpaka mwaka mwingine. Huyu alitia kinyesi cha kuku cha miezi kadhaa kwa siku moja, akafunika na nailoni, akaenda kulala. Lakini nitamwambiaje mtu aliyefiwa? Alitaka kumsaidia mkewe. Nilimeza maneno yangu, na mimi si mtu wa kumeza maneno.

“Tulipime,” nikamwambia. “Alivyokuwa akifanya Veronka.”

Maana Veronka hakuamini mboji kwa macho. Alikuwa na chupa zake za jamu, za mdomo mpana, zenye vifuniko. Nikazitoa mwenyewe sandukuni. Nikachukua mboji ya rundo, nikaichekecha, nikaifinya kiganjani: ishikane, lakini isitoe maji. Nikajaza chupa moja nusu. Chupa ya pili nikaijaza nusu vivyo hivyo udongo wangu mimi, mboji yangu ya zamani iliyochanganywa na mchanga na udongo wa bustani, ambayo naijua haina neno. Juu ya zote mbili nikamwaga mbegu za kresi, ile mboga ndogo ya majani makali kidogo, inayoota upesi kuliko uvumi wa kijijini. Nikafunga vifuniko kwa nguvu.

“Kwa nini unafunga?” Imro akauliza. “Zitakosa hewa.”

“Hewa iliyomo inatosha siku hizi chache. Ikiwa wazi, ule ukali wa kinyesi unaruka unapotea, nawe unadanganyika. Ukifunga, unabaki humo humo na mbegu. Mboji mbivu haina cha kuficha. Mbichi itajisema yenyewe.”

“Na hiyo ya pili ya nini?”

“Ya kulinganisha. Zikikataa zote mbili, ubaya ni wa mbegu. Ikikataa moja, ubaya ni wa mboji.”

Nikaziweka dirishani kwangu, jikoni kwenye joto. Naye akaenda zake. Nilidhani tumeelewana.

Wiki haijaisha nikamwita. Chupa yangu: kresi imejaa, imesimama kijani kibichi, mizizi myeupe imeshuka kwenye kioo. Chupa ya rundo: mbegu nyingi zimelala vile vile zimevimba tu, chache zilizojaribu zimetoa kishina cha manjano kikajikunja, na kamzizi kafupi, ncha ya kahawia kama imeguswa na moto. Nikafungua kifuniko nikampelekea puani. Alirudisha kichwa nyuma.

“Unaona?”

“Naona.”

“Sasa fikiria ni pilipili.”

Akaichukua chupa akaigeuzageuza mbele ya mwanga. Nikamwambia kila kitu, polepole, kama namfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Kwamba mboji ya Veronka si mbaya, ni mbichi tu. Tuipindue, ipate hewa, tuiache ipoe, tuipime tena, na tena, mpaka chupa zote mbili zifanane. Labda mwisho wa masika, labda kiangazi. Wakati huo miche tuihamishie kwenye udongo wangu, ninao wa kutosha, nimeshauchekecha. Na mboji yake ataitia vuli au mwakani, mizizi ikiwa mikubwa.

“Mwakani,” akasema.

“Ndiyo, mwakani. Mboji haina haraka.”

“Alisema ni ya pilipili hizi, Manda.”

“Alisema kabla hujaimwagia banda zima la kuku!”

Hapo neno likanitoka. Nikaona uso wake unashuka, nikajuta papo hapo. Aliweka chupa mezani taratibu, akavaa kofia. Mlangoni akasema, “Wewe na yeye hamkupatana hata siku moja juu ya bustani.” Jambo hilo lilikuwa kweli nusu, na ndiyo maana liliuma.

Kama siku kumi baadaye nilimkuta ana furaha ya ajabu. “Njoo, njoo uone, wewe mwanasayansi.” Akaniingiza jikoni. Mezani, juu ya kitambaa cheupe, imewekwa ile sahani ya Veronka ya ngano ya Krismasi.

Hapa kila nyumba, siku ya Mtakatifu Lusia, katikati ya Desemba, tunapanda ngano kwenye sahani. Ikifika Krismasi imekuwa nene na ndefu, tunaifunga utepe, tunaweka mshumaa katikati. Ngano ikijaa vizuri, mwaka utakuwa mzuri. Imro Krismasi ile hakupanda, nyumba ilikuwa na msiba. Sasa, Machi, wakati watu wanapaka rangi mayai ya Pasaka akilini mwao, yeye kachukua sahani ile, kaijaza mboji ya rundo, kapanda ngano. Na ngano imeota! Imeota kama nywele za mwanajeshi, nene, kijani, imesimama. Akaifunga mpaka utepe.

“Haya,” akasema, “niambie hii nayo ni mbichi.”

“Imro, hii ni ngano.”

“Si mbegu? Si imeota ndani ya mboji ile ile? Tena mimi sikuifunga kwenye chupa nikainyonga.”

“Ngano imebeba masurufu yake! Punje nzima ile ni chakula chake, inaweza kuota hata juu ya pamba, hata juu ya shati lako likilowa. Na sahani iko wazi, ukali umeruka wote. Pilipili ina nini? Ka-mbegu kama ukucha wa mtoto. Mzizi wake ukigusa kitu kikali hauna pa kukimbilia.”

“Miaka yote ngano hii haijadanganya mtu.”

“Haijawahi kuulizwa habari za mboji!”

Alicheka. Alinishika bega, akacheka, akanimiminia rakija, ile pombe kali ya matunda. “Dada, wewe unapenda sana kuwa sahihi.” Nami nikanywa, kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu aliitazama sahani ile kwa macho ambayo sikuyaona tangu mazishi. Alikuwa anaamini kwamba Veronka kamjibu. Wewe ungefanya nini? Ungepindua sahani?

Nilimbembeleza kitu kimoja. “Hamisha nusu. Nusu kwenye mboji yake, nusu kwenye udongo wangu. Basi.”

“Nitaona.”

“Usiseme utaona, sema ndiyo.”

“Ndiyo, mama mkwe,” akanitania.

Nikamletea udongo wangu kwa toroli, magunia mawili, nikayaacha mlangoni pa kibanda cha nailoni cha kukuzia miche. Kisha binti wa binti yangu akashikwa na homa huko Osijek, mama yake ana zamu kazini, nikaitwa. Nikafunga nyumba nikaenda. Mtakatifu Yosefu ilinikuta natengeneza supu kwenye nyumba ya watu. Nilimpigia Imro simu. Akasema yote yamekwenda vizuri, miche imekaa vikoponi kama wanafunzi.

“Nusu kwa nusu?”

“Manda, mtoto anaendeleaje?”

Pamba masikioni, na sasa pamba mdomoni pia.

Niliporudi sikupita hata kwangu kuweka mkoba. Magunia yangu mawili yalikuwa pale pale mlangoni, kamba hazijafunguliwa. Ndani ya kibanda kulikuwa na joto na ile harufu, harufu ya banda la kuku lililofungwa. Vikopo vyote vimepangwa kwa safu, kila kimoja na kijiti kilichoandikwa V kwa kalamu ya rangi. Miche ilikuwa imelegea. Majani ya chini ya manjano, kingo zimeungua, na udongo umelowa chapachapa, maana Imro alipoiona inanyauka alidhani ni kiu, akaimwagilia, ikanyauka zaidi, akaimwagilia zaidi.

Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hajanyoa.

“Nilitaka kugawa,” akasema kabla sijafungua mdomo. “Naapa nilitaka. Nikashika huu, nikasema huu uende kwa Manda. Nikashika ule. Nikashindwa kuchagua upi usiwe wake. Nikaona kama nauacha yatima.”

Nilikuwa nimekuja na maneno njia nzima, kwenye basi nilikuwa nayapanga. Yote yakayeyuka. “Nyanyuka,” nikamwambia. “Lete beseni la maji ya vuguvugu.”

Tulifanya yanayofanyika, nayo si mengi. Tukautoa mche mmoja mmoja kwa ncha ya kijiko, tukausuuza mizizi ndani ya beseni, tukauatika kwenye udongo wangu. Lakini mizizi gani? Mweupe ulikuwa huupati hata kwa miwani. Vilikuwa vijinyuzi vya kahawia, ukivigusa ngozi inachubuka, katikati kunabaki kama uzi. Imro alikuwa ananipokeza kwa mikono yake mikubwa ya usukani. Kwa kila mche aliniangalia mimi usoni ili ajue. Nikawa nasema, “Huu labda. Huu labda.” Nilisema labda mpaka neno likakosa maana.

Siku zilizofuata nilikwenda kila asubuhi. Hakuna cha kufanya, lakini kwenda nilikwenda. Tulizuia jua lisiipige miche, tukanyima maji, tukafungua nailoni adhuhuri tukafunga jioni. Ilianguka mmoja baada ya mwingine, kimya kimya, ikilala ubavu. Hakuna dawa ya hiyo, usinitumie majirani waje kunishauri; walikuja. Mmoja alileta maji ya majani yanayowasha, mwingine majivu. Reza alikuja na miche yake, ile inayounguza, akasimama mlangoni nayo mikononi. Imro alimshukuru, akamrudishia. Reza alilia yeye kuliko sisi.

Ukabaki mmoja. Ulikuwa na jani moja jipya katikati, dogo, limekunjamana, lakini kijani. Imro akauhamishia ndani ya nyumba, kwenye kikombe cha kahawa cha Veronka alichokitoboa chini kwa msumari, pole pole, akiomba kisipasuke. Tukawa tunaongea kwa sauti ya chini tukiwa karibu nao. Najua ni upuuzi. Pasaka nilileta nyama na mayai yaliyobarikiwa kanisani, tukala watatu, mimi, yeye na mche. Akasema, “Mmoja unatosha, si ndiyo? Mmoja unazaa, una mbegu humo, mwakani tunazo nyingi.”

“Mmoja unatosha,” nikasema. Na ni kweli, mmoja ungetosha kabisa. Pilipili hoho hujizalia yenyewe, haimtaki mwenzi.

Jumatatu ya Pasaka ulikuwa wima. Jumatano kishina kilikuwa kimesinyaa pale chini kinapoingia udongoni, chembamba kama uzi. Imro alikuwa ameuegemeza kwenye kijiti cha kiberiti na kuufunga kwa uzi wa utepe ule wa ngano. Nilipoingia hakugeuka. Nikaweka mkono wangu mgongoni mwake, ukakaa pale, na wote wawili tukaangalia kitu ambacho hakuna kati yetu ambaye angeweza kukisimamisha. Nilimkasirikia Veronka pia, niseme ukweli. Kwa uchoyo wake wa mbegu. Kwa kufa kwake.

Rundo nililipindua mimi, kwa hasira, kwa uma wa samadi, mgongo ukauma wiki nzima. Nikachanganya mabua zaidi, nikaondoa nailoni, mvua ya Mei ikalipata kwa kiasi. Baadaye nikamwona Imro naye yuko kule nyuma, anapindua. Hatukuulizana kwa nini. Lilipoa. Likashuka. Mabua yakapotea, rangi ikawa ya kahawa.

Katikati ya Juni alikuja kwangu ameshika chupa mbili za jamu, moja kila mkono, amezibana kifuani. Alikuwa amezitengeneza mwenyewe, bila kuniambia, moja kwa udongo wangu na nyingine kwa mboji ya Veronka. Akaziweka mezani, kwenye mwanga wa dirisha.

“Ipi ni ipi?” akaniuliza.

Niliziangalia mbele na nyuma. Kresi nene, kresi nene. Kijani, kijani. Mizizi myeupe imeteremka kwenye kioo huku, imeteremka huku. Nikafungua kifuniko cha moja, ikanuka kama msituni baada ya mvua. Nikafungua cha pili, msituni.

“Sijui,” nikasema. Na kweli sikujua.

“Ya kushoto ndiyo yake.” Aliigusa kwa kidole. “Alisema kweli, basi. Ilikuwa ya pilipili.”

“Ilikuwa nzuri, Imro. Ilihitaji kungojwa tu.”

Akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kama mtu anayesikiliza redio. Halafu akafunga vifuniko, akachukua chupa zake, akaenda.

Juzi nilipita nyuma ya nyumba yake kupeleka jibini. Kibanda cha nailoni kilikuwa wazi, jua limewaka. Vikopo vyote vimepangwa tena kwa safu, vimeoshwa, vimejazwa mboji ile nyeusi nzuri, iliyochanganywa na mchanga kama nilivyomfundisha, na kila kimoja na kijiti chake cha V. Hakuna kilichopandwa ndani yake. Imro alikuwa anavinyunyizia maji, kidogo kidogo, kwa kile chombo cha Veronka cha mdomo wenye matundu. Aliponiona alisema, “Nisaidie kufunga nailoni, dada, jioni hii kutakuwa na baridi.”

Ilikuwa Juni, watu wanalala madirisha wazi. Niliweka jibini chini, nikashika upande wangu wa nailoni.